Gati, Meli na Sharti Lisiloandikwa



Novemba 1887 wenye meli ya mvuke iitwayo Moorcock walipatana na wenye gati moja kwenye Mto Thames, London, kwamba meli itie nanga hapo, ipakue shehena na kupakia nyingine. Thames ni mto unaofuata bahari: maji hujaa na kupwa. Pande zote mbili zilijua kwamba maji yakipwa, meli itakaa chini, juu ya tope. Maji yakapwa, meli ikakaa, lakini chini ya lile tope palikuwa na tuta gumu, na meli ikaumia. Katika mapatano yao hapakuwa na neno hata moja kuhusu hali ya chini ya mto.

Wenye gati walijitetea kwa hoja ambayo si ya kudharauliwa. Sakafu ya mto haikuwa mali yao, wala hawakuwa na mamlaka ya kuichimba au kuisawazisha. Basi wawajibikeje kwa kitu kisicho chao?

Mwaka 1889 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua dhidi yao. Jaji Bowen alitazama biashara yenyewe. Gati lisingeweza kutumiwa bila meli kukaa chini, na wenye gati walipata faida kwa matumizi hayo. Wao wako pale kila siku, ilhali nahodha anayefika hana njia ya kujua kilicho chini ya tope. Bila ahadi fulani kuhusu sakafu ile, mapatano yasingekuwa na maana ya kibiashara.

Lakini ni ahadi ipi? Wengi husoma kesi hii wakadhani mahakama ilisema wenye gati walidhamini usalama wa mto. Haikusema hivyo. Ilisema waliahidi kuchukua hadhari ya kutosha kuchunguza kama pale ni salama kwa meli, au kumwambia nahodha kwamba hawajachunguza. Ahadi ya kuisawazisha sakafu ingewabebesha jambo wasiloliweza, hii waliiweza. Mahakama iliziba pengo kwa kiasi kilichohitajika na ikaishia hapo. Kwangu mimi, kipimo hicho ndicho kiini cha kesi.

Mwaka 1939 Jaji MacKinnon aliongeza jaribio lingine la kulitambua sharti lisiloandikwa. Tuseme mdakuzi amewakuta watu wawili wakipatana, akauliza, “Mbona hamliandiki jambo hili?” Kama wote wawili wangemjibu kwa pamoja kwamba hilo liko wazi, sharti lipo. Mmoja akisita, halipo. Jaribio hili huwasumbua mawakili kwa sababu si vigumu kuonyesha kwamba mteja wako angekubali. Kazi ni kuonyesha kwamba mpinzani naye angekubali, siku ile ya kutia saini, kabla ya hasara.

Ndipo kampuni ya Marks and Spencer ilipokwama. Ilikuwa imelipa kodi ya pango ya robo mwaka nzima kabla, na kwa kuwa ilikuwa imeutumia uhuru wake wa kuuvunja mkataba, mkataba ukaisha Januari 2012, katikati ya kipindi kile. Ikadai irudishiwe kodi ya siku ambazo isingekuwamo. Jaji wa kwanza alikubali. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa: mkataba ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa uangalifu na mawakili, na sheria iliyojulikana tangu zamani ni kwamba kodi iliyolipwa kabla haigawanywi kwa siku. Mkataba ulifanya kazi bila sharti lile. Kwamba lingekuwa la haki hakukutosha, nami naona uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa mpangaji alipoteza fedha nyingi.

Desturi huingia kwa mlango mwingine. Katika kesi ya Hutton na Warren ya 1836, mkulima aliyeliacha shamba la kukodi alilipwa mbegu na kazi aliyokwisha kuiweka ardhini, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya wakulima wa eneo lile. Anayeidai desturi lazima alete ushahidi kwamba inajulikana na ni ya busara, na ikigongana na maneno ya mkataba, maneno hushinda.

Sheria iliyotungwa na bunge haiulizi kuhusu ulazima. Katika sheria za mauziano ya bidhaa za Kenya na Tanzania, zote zilizotokana na ile ya Uingereza ya 1893, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, sharti la kufaa huingia lenyewe. Tuseme mkulima ameomba pampu ya kuvuta maji ya chumvi, akauziwa inayoliwa na chumvi. Muuzaji anaonyesha risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nionavyo, maneno hayo yanahusu kurudisha mali. Hayasemi kwamba muuzaji amejivua jukumu la kufaa, na mahakama huyasoma maneno ya kujivua jukumu kwa ukali. Na kwa mlaji wa kawaida wa Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 hubatilisha maneno ya kuliondoa sharti hilo, hata yakiandikwa kwa uwazi kiasi gani.