Kilo za Juzi katika Ripoti ya Leo

Maelezo ya Ofisa Takwimu wa Chama Kikuu mbele ya makatibu wa vyama vya msingi



Nimetakiwa nieleze jambo ambalo makatibu kadhaa wameliuliza msimu huu, nalo ni hili: yawezekanaje faili la Excel la mapokezi ya kahawa lifunguke bila kosa lolote, kisha lionyeshe kilo zisizolingana na stakabadhi zilizo mezani? Wengine wamemshuku karani wa mizani. Kabla ya kumshuku mtu, yafaa tuifuate njia ambayo takwimu hizo hupita.

Kilo zikisha kupimwa na kuandikwa huingizwa katika hifadhidata ya SQL Server iliyomo ofisini kwa Chama Kikuu. Hifadhidata hiyo haifunguliwi kwa watu wa nje. Ofisini humo ipo kompyuta yenye programu iitwayo On-premises data gateway, nasi tutaiita lango. Saa ya ratiba ifikapo, huduma ya Power BI iliyoko kwenye mtandao huagiza takwimu kwa kupitia lango. Lango huisoma hifadhidata na kupeleka nakala. Faili la Excel alilo nalo katibu limeunganishwa na nakala hiyo. Halikuunganishwa na hifadhidata yenyewe.

Hapo ndipo penye mtego. Katibu abonyezapo Refresh All, Excel huenda kuichukua nakala kama ilivyo. Ikiwa nakala ni ya juzi, ataletewa takwimu za juzi, na Excel haitalalamika, maana kazi yake imeifanya sawasawa. Katibu aweza kubonyeza mara kumi na kilo zisisogee hata moja.

Sasa, ratiba hufanya kazi wakati ambapo hakuna mtu wa kuandika nywila. Kwa hiyo jina na nywila ya kuingilia katika hifadhidata huwekwa mapema katika ukurasa wa Manage connections and gateways. Nywila hiyo hufungwa kwa maandishi ya siri, na lango ndilo liwezalo kuyafungua. Lakini Power BI haina habari ya mabadiliko yafanywayo katika hifadhidata. Nywila ikibadilishwa huko, ile iliyowekwa hubaki ya zamani, na lango hukataliwa mlangoni.

Tuchukue mfano wa chama kimoja, tukiite Chama A. Ratiba ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. (Kwenye skrini saa 12 asubuhi huandikwa 6:00 AM, na majira ya Nairobi lazima yachaguliwe, la sivyo kazi itafanyika saa nyingine kabisa.) Nywila iliyowekwa ni ya karani wa hesabu. Jumatatu saa 3 asubuhi kompyuta inamtaka karani abadili nywila yake, naye anabadili, kama kanuni zitakavyo. Saa 4 kazi inashindikana. Kazi ikishindikana mara nne mfululizo, Power BI huizima ratiba. Na kosa likiwa la nywila, yaweza kuizima hata kabla ya mara hizo nne kutimia. Barua ya taarifa hupelekwa kwa mwenye ripoti, ambaye wiki hiyo yuko likizo.

Alhamisi katibu anaandaa orodha ya malipo ya awali. Ripoti inasema kilo 41,260. Daftari la stakabadhi linasema 46,910. Pengo ni kilo 5,650, nazo ni mapokezi ya siku tatu: Jumatatu kilo 1,980, Jumanne 1,720 na Jumatano 1,950. Nakala ya mwisho iliyofaulu ni ile ya Jumatatu saa 12 asubuhi, kabla mzani haujafunguliwa. Tuseme malipo ya awali ni shilingi 3,000 kwa kilo. Fedha itakayoagizwa kwa kuifuata ripoti itapungua kwa shilingi 16,950,000, na watakaokosa ni wakulima walioleta kahawa yao siku hizo tatu. Karani wa mizani hana kosa.

Kuirekebisha hali hiyo ni kazi ya hatua mbili, nayo ya pili husahauliwa. Kwanza nywila mpya huandikwa mahali pa ile ya zamani. Kisha yapasa kuifungua tena ratiba, kwenye kitufe cha Configure a refresh schedule, kwa sababu ratiba iliyojizima haijiwashi kwa kuwa nywila imesahihishwa. Baada ya hapo mtu afungue Refresh history na kuona kwa macho yake kwamba kazi imefaulu.

Lililo bora ni kutotumia nywila ya mtu hata kidogo. Msimamizi wa hifadhidata aunde jina la kazi hii peke yake, ambalo nywila yake haiishi muda, na ambalo linaruhusiwa kusoma mapokezi tu:

```
CREATE LOGIN ripoti WITH PASSWORD = '...', CHECK_EXPIRATION = OFF;
CREATE USER ripoti FOR LOGIN ripoti;
GRANT SELECT ON dbo.Mapokezi TO ripoti;
```

Mistari miwili ya mwisho iandikwe ndani ya hifadhidata ya mapokezi. Akiacha kazi karani au akihamishwa, ripoti haitaguswa. Na sehemu ya taarifa za kushindikana yaandikwe majina ya watu wawili zaidi ya mwenye ripoti.

Naomba pia kila ripoti ionyeshe juu kabisa tarehe mbili. Moja ni saa ambayo nakala ilichukuliwa, ipatikanayo kwa fomyula hii katika Power Query:

```
= DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.UtcNow(), 3)
```

Nyingine ni tarehe ya stakabadhi ya mwisho iliyomo ndani ya nakala. Saa ya nakala ikiwa ya zamani, tatizo liko kwenye ratiba, nywila au lango. Saa hiyo ikiwa ya leo lakini stakabadhi ya mwisho ni ya juzi, basi njia ni nzima, na stakabadhi bado hazijaingizwa. Katibu atajua ampigie nani simu.

Limeulizwa swali kwamba kwa nini ripoti isihuishwe kila saa. Kwa leseni ya kawaida ya Pro, ratiba huruhusu mara 8 tu kwa siku, na kazi moja isizidi saa mbili, ikizidi hukatwa. Tena kazi haianzi kwa dakika ile ile iliyopangwa: yaweza kuchelewa robo saa, na mara nyingine hadi saa nzima. Kwa hiyo orodha ya saa 4 isipangiwe nakala ya saa 4. Mahali ambapo kazi imekaribia saa mbili, mara nyingi ni kwa sababu misimu yote ya nyuma huletwa upya kila mara. Ufanywe mpango wa kuleta msimu huu peke yake.

Lango nalo lina mipaka yake. Kompyuta ikizimwa, ikilala, au umeme ukikatika, hakuna kitakachopita. Lisiwekwe kwenye kompyuta ya mkononi ambayo ofisa huondoka nayo jioni. Lipo pia lango la namna ya binafsi, ambalo hufanya kazi pale tu mwenyewe anapokuwa ameingia katika kompyuta yake. Hilo halifai kwa ripoti ya vyama vingi. Wakati wa kuliweka lango, ufunguo wa kulirejesha huandikwa mara moja. Ukipotea na kompyuta ikaharibika, lango lile halihamishiki: itabidi kuweka jipya na kuandika upya kila nywila. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi na kufungiwa katika sefu ya Chama Kikuu, pamoja na hati nyingine ambazo mhasibu na meneja huzifungua wakiwa wawili.