Demo inatoa, feza ya kweli inakula: maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa kartie

Leo hatukuje kuwahubiria kama mchezo wa feza ni dhambi. Kila mtu iko na mchungaji wake ao imamu wake. Tulikuja kuhesabu pamoja. Juu katika mikutano yetu tunasikia neno moja lenye kurudilia: « Mimi nilijaribu kwanza bure, nikaona ile mashini inatoa, njo nikaweka feza. » Tunataka tulifungue hilo neno.

Mnazijua hizi mashini za ndani ya telefone: matunda, vito, sanamu za Misri, zinazunguka, zinasimama. Karibu kila moja iko na mlango mbili. Mlango wa bure, kwenye kona wanaandika DEMO ao FUN, na wanakupa kredi za uongo. Na mlango wa feza, ule unaokula M-Pesa yako ao Airtel Money yako.

Wengi wetu tunasema demo imefungwa kimacho, inatoa zaidi ili kutuvuta. Kuko mahali ambapo ni kweli. Mwaka 2005 watafiti wa kule Quebec, Kanada, walipima saiti 117 za michezo, wakakuta karibu 39 kwa mia zilikuwa zinalipa katika demo zaidi ya kile mtu anaweka, halafu ukiingia na feza yale malipo hayaendelei. Uingereza kuko sheria: mchezo wa bure lazima ufuate kanuni zile zile za mchezo wa feza. Lakini hiyo sheria inamshika mwenye ruhusa ya Uingereza tu. Saiti inayofunguka hapa kwetu bila ruhusa ya kule, haimhusu.

Ila tusibakie hapo. Tuchukue demo ya haki kabisa, programu ile ile, bahati ile ile. Nayo inadanganya. Hii njo jambo kubwa la leo.

Mwenzetu mmoja ni motari. Alifungua demo, wakamupa kredi 100,000. Akacheza 200 kila mzunguko. Kisha mizunguko 250 hivi akaunti ilishuka mpaka 82,000. Hakushtuka, juu haikuwa feza ya mtu. Akaendelea. Mara ikaanguka raundi ya bonusi, ikalipa mara 190 ya dau, ni kusema 38,000. Akaunti ikapanda 120,000. Kwa kichwa chake: « Nimepata faida 20,000. » Na hakuona uongo, ni kweli ilipanda.

Kesho yake akaweka franka 5,000, kazi ya asubuhi nzima, dau lile lile la 200. Sasa muangalie: katika demo alishuka 18,000 mbele ya kuona bonusi. Kwa 5,000 hawezi kushuka 18,000. Anatoka mchezoni akishuka 5,000. Ni mizunguko 25 tu, pengine 60 ao 70 kama mashini inarudisha vidogo vidogo. Ile bonusi iliyomfurahisha jana ilikuwa mbali, kule feza yake haiwezi kufika. Demo haikumuonyesha mchezo wake yeye. Ilimuonyesha mchezo wa mtu mwenye kuwa na feza mara ishirini ya ile iko mfukoni mwake.

Hapa kijana mmoja aliuliza: basi mwenye mfuko mkubwa atashinda? Hapana, ndugu. Atachelewa kuisha, njo vile tu. Tuhesabu.

Kila mashini iko na namba inaitwa RTP: katika kila franka 100 zinazowekwa na watu wote, kwa muda murefu sana, ngapi zinarudi. Tuseme ni 96.21. Zinabaki karibu 3.79 kwa mwenye mashini. Inaonekana kidogo, siyo? Lakini haihesabiwi juu ya feza uliyoleta. Inahesabiwa juu ya kila dau. Ukibonyeza mara kumi kwa dakika, kwa saa moja ni mara 600. Mara 200, ni franka 120,000 zimepita ndani ya mashini, hata kama uliingia na 5,000, juu zile ndogo unazoshinda unazirudisha humo humo. Kipande cha mwenye mashini kwa hiyo 120,000 ni karibu 4,500. Ndani ya saa moja, kwa wastani, zile 5,000 ni kama zimeisha. Na mwenye kredi 100,000 za demo? Naye anapoteza 4,500 zile zile, anabaki na 95,500, anasema: « Mashini hii haikuli. » Hasara ni moja, macho njo yanaona tofauti. Na akichoka, anafunga na kufungua tena, kredi zinajaa upya. Nani kati yetu anaandika ni mara ngapi alijaza upya?

Jambo lingine, na hili wengi hawalijui. Mchezo mmoja unaweza kuwa na RTP nyingi. Mtengenezaji anauza matoleo mbalimbali, mwenye saiti anachagua. Mfano unaojulikana ni Book of Dead ya Play'n GO: kuko toleo la 96.21, la 94.25, la 91.25, la 87.25, na la 84.18. Picha ni zile zile, muziki ule ule. Unaweza kujaribu demo ya 96.21 kwenye ukurasa fulani, halafu ukaweka feza kwenye saiti inayotumia 84.18. Hesabu yetu inabadilika: kwa saa ile ile, dau lile lile, kipande cha mwenye mashini kinakaribia franka 19,000. Zile 5,000 za motari, kwa wastani, zinaisha kama katika robo saa.

Utajuaje? Fungua mchezo kwa mlango wa feza, bila kuweka kitu. Tafuta alama ya « i » ao mistari mitatu, shuka mpaka mwisho wa maelezo, mahali pameandikwa RTP. Andika ile namba. Fungua demo, fanya vile vile. Namba zikiachana, ile uliyojaribu siyo ile unayoenda kulipia. Na kama namba haipo kabisa, ujue mwenyewe unaingia gizani. Lakini mukumbuke: hata zikifanana, hesabu ya motari inabaki vile vile.

Na zile video zinazozunguka kwenye WhatsApp, mtu anapiga kelele, « nimepata milioni tatu! »: kabla ya kuituma kwa mwingine, simamisha picha, angalia kona. Mara nyingine kuko neno DEMO, ao akaunti haina alama ya feza yoyote, ao inaanza na namba nzuri ya duara kama 100,000.00. Pia angalia kama ananunua bonusi. Kununua bonusi mara nyingi ni mara 100 ya dau. Kwa dau la 200 ni franka 20,000 kwa kubonyeza mara moja. Kwa demo anabonyeza mara hamsini bila jasho, anatutumia ile moja iliyolipa vizuri.

Mwenye kutaka kujaribu hesabu, tumeleta kartasi na kalamu. Mufungue demo hapa hapa, lakini muhesabu mpaka 5,000 za kwanza ziishe, kisha musimame. Muandike ni mzunguko wa ngapi. Usijaze upya.