Kufunga Hesabu za Mwisho wa Mwaka



Mapato na matumizi hupima kazi ya mwaka mmoja tu. Fedha taslimu na madeni huendelea. Tuseme ushuru wa mazao ni shilingi 60,000, na mishahara 48,000. Andikeni 60,000 kushoto mwa hesabu ya ushuru, na kulia mwa Hesabu ya Mapato na Matumizi. Mishahara iandikwe kulia mwa hesabu yake, na kushoto mwa hiyo ya pili. Baki, 12,000, ihamishiwe Hesabu ya Ziada. Hizo nyingine zibaki sifuri.

Ushuru usipofungwa, mwakani mkipata 50,000 leja itaonyesha 110,000, na wanachama watadai mgawo wa fedha zilizokwisha kugawiwa. Dalili yake ni hii: ukurasa wa ushuru huanza mwaka mpya na salio.