Bajeti ya Fedha Taslimu kwa Mwenye Duka: Wadaiwa Hulipa Lini?

Washiriki wa semina hii wanafahamu kwamba bajeti ya fedha taslimu ni makadirio ya fedha zitakazoingia na kutoka, mwezi hadi mwezi. Uchakavu wa gari haumo, kwa kuwa hakuna anayelipwa uchakavu. Mkopo wa benki umo, ingawa si mauzo. Fasili hizo zitoshe. Mtoa mada anaomba muda uliobaki utumike kwenye mstari mmoja ambao amekuwa akiusahihisha kwa miaka mingi: mapokezi kutoka kwa wadaiwa.

Katika bajeti nyingi zinazoambatishwa kwenye maombi ya mikopo, mauzo ya Oktoba huandikwa kama fedha ya Oktoba. Anayejitahidi zaidi huandika tarehe aliyoahidiwa na mteja. Lakini daftari la madeni lipo hapohapo kaunta, na lina habari nyingine. Fundi kachukua bati 20, pembeni pameandikwa "Jumatatu". Jumatatu imekatwa, ikaandikwa "mwisho wa mwezi". Hiyo nayo imekatwa, ikaandikwa "akimaliza kupaua". Ahadi haifai kuingia kwenye bajeti. Kinachofaa ni mwenendo wa malipo, nao hupatikana kwa kuchukua miezi mitatu iliyokwisha fungwa na kuangalia, katika kila mwezi, kiasi gani kililipwa papo hapo, kiasi gani mwezi uliofuata, kiasi gani mwezi wa pili na kiasi gani hakikurudi kabisa. Ni kazi ya mchana mmoja.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Daftari linaonyesha kuwa asilimia 40 ya mauzo hulipwa taslimu, 30 mwezi unaofuata, 28 mwezi wa pili, na 2 hupotea. Mauzo ya Julai na Agosti ni shilingi milioni 20 kila mwezi. Mwenye duka anatarajia milioni 30 Septemba, 40 Oktoba watu wanapowahi kupaua kabla ya mvua za vuli, kisha 20 Novemba. Mzigo humgharimu asilimia 80 ya bei ya kuuzia. Huuchukua mali kauli mwezi mmoja kabla ya kuuza, na msambazaji humpa siku 30, hivyo malipo huangukia mwezi wa mauzo. Pango, mishahara na usafiri ni milioni 2.5 kwa mwezi.

Septemba zitaingia milioni 12 za taslimu, 6 za Agosti na 5.6 za Julai, jumla 23.6. Zitatoka 24 za msambazaji, 2.5 za uendeshaji na laki 6 za awamu ya kodi ya mapato inayotakiwa ifikapo tarehe 30, jumla 27.1. Akianza na milioni 2 na kutaka abaki na milioni 1 ya tahadhari, lazima akope 2.5. Oktoba zitaingia 30.6 na kutoka 34.5, kwa hiyo ataongeza mkopo wa 3.9. Kabla ya riba, deni limefika 6.4.

Na hapa ndipo washiriki watulie kidogo. Oktoba hiyohiyo, baada ya kutoa madeni yatakayopotea, duka limepata faida ya milioni 4.7. Mwenye duka hajala mtaji wala hajaibiwa. Fedha yake iko kwenye mapaa ya watu. Novemba zitaingia 28.4 na kutoka 18.5 tu, hivyo atalipa deni lote na kubaki na 4.5.

Hitaji lake basi ni milioni 6.4 zitakazochukuliwa kwa vipande viwili na kurejeshwa Novemba. Mada hii haikusudii kulaumu taasisi yoyote, lakini mkopo wa miezi 12 wenye rejesho la kwanza Oktoba humkaba mwezi uleule anaohitaji pumzi. Na iwapo wateja wa Septemba watachelewesha milioni 3 tu hadi Novemba, deni la mwisho wa Oktoba litapanda hadi 9.4.

Inapendekezwa kwamba asilimia za mapokezi zitoke kwenye daftari, si kwenye ahadi. Mwenye duka apige hesabu ya pili akichukulia kwamba wadaiwa wamechelewa, kisha aende kwa msambazaji mapema, Agosti, kuomba siku 45 badala ya kumkimbia Oktoba. Mwezi wenye pengo ugawanywe kwa wiki, kwani msambazaji akidai tarehe 5 na mafundi wakilipa tarehe 28, jumla ya mwezi haitaonyesha shida hiyo. Asilimia hizo zihesabiwe upya kila robo mwaka, tena kutoka kwenye daftari.

Kwa maofisa mikopo waliopo hapa, ombi ni moja: fomu ya maombi iongezewe nafasi ya kuandika mwezi ambao salio la mwombaji litashuka chini kabisa, na rejesho la kwanza lipangwe baada ya mwezi huo.