Mlio wa Kadi ya Grafiki na Mvumo wa Pawasaplai: Sababu Zake na Dawa Zifaazo

Aghalabu fundi wa kompyuta hapa Didia huletewa kompyuta inayolia, na kwa kuwa feni zimekwisha kusafishwa na kelele bado ipo, mwenye kompyuta hukata shauri la kununua kadi mpya. Ilhali kelele hizo ni za namna mbili, na dawa ya moja haiifai nyingine.

Ya kwanza ni mlio mwembamba utokao kwenye kadi ya grafiki. Koili zilizopangwa kando ya chipu hupitisha mkondo mkubwa wa umeme, na nguvu ya sumaku inayozaliwa humo huzitikisa. Saketi yenyewe huwasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kiasi ambacho sikio halikipati. Walakini kila picha inayochorwa huifanya chipu ivute umeme kwa wingi kisha ipunguze; hivyo mchezo ukiwa kwenye menyu tupu, ambamo kadi yaweza kuchora picha 2000 kwa sekunde, koili nazo hutikiswa mara 2000, na huo ni mlio dhahiri. Ukiweka kikomo cha picha 60, kwa kadi za NVIDIA katika kipengele cha `Max Frame Rate`, mlio hupungua sana, na gharama haipo. Katika kazi nzito isiyo mchezo, kama kutayarisha video, kikomo hicho hakisaidii. Hapo hupunguzwa kiwango cha juu cha umeme wa kadi, kwa kuridhia kupoteza kasi kidogo. Ama gundi inayomiminwa juu ya koili, sioni faida yake: koili nyingi za siku hizi zimekwisha kufungwa ndani ya unga wa chuma ulioshindiliwa, gundi ya nje huzuia joto tu, na dhamana ya kadi huweza kupotea.

Ya pili ni mvumo mzito wa pawasaplai. Tuchukue duka linalotumia umeme wa jua kwa inveta ya bei nafuu: wimbi lake hupanda na kushuka kwa ngazi, halipindi taratibu kama la gridi ya volti 230, na kila ngazi huzisukuma koili za mlango wa pawasaplai kwa ghafla. Hamishieni kompyuta hiyohiyo kwenye umeme wa gridi, kazi ikiwa ileile. Mvumo ukitoweka, mwenye kosa ni inveta, na dawa ni inveta ya wimbi safi. Ukibaki, pawasaplai ibadilishwe nzima, wala isifunguliwe, maana kapasita yake kubwa huweza kuhifadhi takriban volti 400 hata baada ya waya kuchomolewa.

Kelele hizi peke yake si dalili ya kuharibika. Mlio wa kupasukapasuka wenye harufu ya kuungua ni jambo jingine: zimeni mara moja.