Ukurasa Mmoja au Kurasa Nyingi Dukani?



Chama kikiuza Robusta iliyokaangwa katika duka la mtandaoni, pakiti za gramu 250 na 500, za rangi nyepesi na nyeusi, huzaliwa kurasa nne zenye maelezo yale yale. Mtambo wa kutafutia huziona kuwa nakala, na kwa kawaida huonyesha mmoja tu, pengine ule ambao mali yake imekwisha. Yafaa basi ukurasa mmoja wenye kichwa “Robusta ya Karagwe na Kyerwa”, na mnunuzi achague uzito na rangi humo. Arabika ipewe ukurasa wake. Kipimo ni hiki: je, mnunuzi huitaja tofauti hiyo anapotafuta? Akiitaja, istahili kichwa chake. Asipoitaja, ibaki chaguo ndani ya ukurasa.