Kwa Nini Jua la Nairobi Huchelewa Februari?

London, mchana hufikia saa 16 na nusu mwezi Juni, kisha hupungua hadi chini ya saa 8 Desemba. Nairobi, karibu na ikweta, mchana ni takriban saa 12 na dakika 7 mwaka mzima.

Hata hivyo, mapema Novemba jua la Nairobi huchomoza yapata saa kumi na mbili na dakika 12 asubuhi; katikati ya Februari, saa kumi na mbili na dakika 42. Machweo nayo husogea vivyo hivyo, ndiyo maana urefu wa mchana haubadiliki.

Sababu za kusogea huko ni mbili: mhimili wa dunia umeinama, na njia yake ya kulizunguka jua si duara kamili.